Jinsi ya Kutengeneza Jedwali la Matumizi ya Umeme wa Nyumbani Linalokubaliana na Mita ya LUKU

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: "Nimeorodhesha vifaa vyangu vyote, nikazidisha wati kwa saa, lakini jumla haifanani hata kidogo na uniti ninazonunua. Nimekosea wapi?" Katika nyumba nyingi za Mwanza jibu huwa moja. Kanuni ya kuzidisha ni sahihi, ila kuna vifaa vichache, hasa friji, ambavyo saa za kuchomekwa ukutani si sawa na saa za kula umeme. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kutengeneza jedwali, namna ya kulipima kwa mita yako mwenyewe, na namna ya kulirekebisha mpaka vyote viwili viseme jambo moja.

Tutatumia nyumba moja ya mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Ni nyumba ya familia iliyoko Nyegezi, upande wa mlimani, ambako maji huvutwa kwa pampu kutoka kwenye simtanki la chini hadi la juu, na ambako sato wanaonunuliwa kwa jumla mwaloni Kirumba huhifadhiwa kwenye friji kwa wiki nzima.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu, au programu ya majedwali kwenye simu au kompyuta.
- Saa yenye sekunde. Ya kwenye simu inatosha.
- Tochi, kwa sababu lebo nyingi ziko nyuma au chini ya kifaa.
- Nafasi ya kuiona mita yenyewe, pamoja na kile kidude cha kuingizia tokeni kinachoonyesha uniti zilizobaki.
- Siku saba za kawaida, yaani zisizo na sherehe, wageni wengi wala katizo refu la umeme.

Nadharia unayohitaji ni fupi. Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja, yaani kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja, au cha wati 100 kikifanya kazi kwa saa kumi. Kwa hiyo unazidisha idadi ya vifaa kwa wati, kwa saa za siku, kwa siku 30, kisha unagawanya kwa 1,000.

Hatua ya 1: Pita chumba kwa chumba na uandike kila kifaa

Usiandike kwa kukumbuka ukiwa umekaa sebuleni. Anzia nje ya mlango na umalizie stoo, ukiandika kila kitu kilicho na waya au balbu. Vinavyosahaulika zaidi ni taa ya nje inayowaka usiku kucha, king'amuzi, pampu ya maji, na chochote kilichochomekwa nyuma ya kabati. Taa za ndani na taa ya nje ziandikwe katika mistari tofauti hata kama balbu zake ni za aina moja, kwa kuwa saa zake hazifanani.

Hatua ya 2: Tafuta wati za kila kifaa

Soma lebo ya kiwandani. Palipoandikwa W, hiyo ndiyo namba yako. Palipoandikwa ampea peke yake, zidisha kwa 230, ambayo ndiyo volti ya umeme wetu wa majumbani, ukijua kwamba utapata kiwango cha juu kabisa na wala si matumizi ya kawaida.

Kuna lebo tatu zinazopotosha watu. Ya kwanza ni ya chaja ya simu. Ukichukua ampea za upande wa kuingia, kwa mfano 0.3, ukazidisha kwa 230, utapata wati 69, jambo lisilo la kweli kwa chaja ndogo. Tumia upande wa kutoka: volti 5 mara ampea 2 ni wati 10. Ya pili ni ya pampu, ambayo mara nyingi huandikwa nguvu za farasi. Nguvu moja ya farasi ni wati 746, lakini hizo ni nguvu zinazotoka kwenye mota, na umeme unaoingia huwa mwingi zaidi. Lebo ikiwa na wati za kuingia, tumia hizo. Ya tatu ni ya televisheni, ambayo huonyesha kiwango cha juu, wakati matumizi halisi hushuka kadiri mwanga wa skrini unavyopunguzwa.

Friji nyingine hazionyeshi wati bali huwa na kibandiko kinachotaja kilowati-saa kwa mwaka au kwa saa 24. Hiyo ni bahati, kwa sababu unaweza kuruka hesabu ya saa: gawanya ya mwaka kwa 12, au zidisha ya siku kwa 30. Kumbuka tu kwamba namba hiyo ilipatikana katika maabara, mlango ukiwa umefungwa. Jikoni penye joto la mchana wa Mwanza, na watoto wanaofungua mlango kila baada ya dakika chache kutafuta maji baridi, matumizi yatapanda.

Hatua ya 3: Andika saa za kweli za kila siku

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, na la kwanza ni la dakika. Dakika 20 si saa 0.20. Gawanya dakika kwa 60, na dakika 20 zinakuwa saa 0.33. Jagi la umeme linalochemsha maji mara mbili kwa siku, dakika tano kila mara, limetumika saa 0.17.

Kifaa kinachotumika kwa wiki, kama pasi, kihesabie saa za wiki nzima kisha ugawanye kwa 7. Pasi ina jambo lake la ziada: hujizima na kujiwasha yenyewe inapofikia joto ulilochagua, na ndiyo maana kitaa chake huwaka na kuzimika. Ukipiga pasi saa mbili kwa wiki, chukulia kwamba imekula umeme kwa takriban saa moja. Ukitaka uhakika, tazama kitaa hicho kwa dakika kumi na uhesabu kimewaka dakika ngapi.

King'amuzi nacho kinahitaji uangalifu. Watu wengi hukiandikia saa zile zile za televisheni, ilhali ukikizima kwa rimoti hubaki kikila umeme kwa kiwango kisichopungua sana. Kama hukizimi kwenye swichi ya ukutani, kiandikie saa 24.

Friji iandikie saa 24 kwa sasa. Si sahihi, na tutaisahihisha.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kila mstari

Hili ndilo jedwali la awali la nyumba yetu ya Nyegezi.

| Kifaa | Idadi | Wati | Saa kwa siku | Uniti kwa mwezi |
|---|---|---|---|---|
| Taa za ndani | 5 | 9 | 5 | 6.75 |
| Taa ya nje | 1 | 9 | 12 | 3.24 |
| Televisheni | 1 | 50 | 5 | 7.50 |
| King'amuzi | 1 | 12 | 24 | 8.64 |
| Feni | 1 | 55 | 6 | 9.90 |
| Chaja za simu | 3 | 10 | 2 | 1.80 |
| Pasi | 1 | 1,000 | 0.14 | 4.29 |
| Jagi la umeme | 1 | 1,800 | 0.17 | 9.00 |
| Pampu ya maji | 1 | 750 | 0.33 | 7.50 |
| Friji | 1 | 120 | 24 | 86.40 |
| Jumla | | | | 145.02 |

Saa za pasi, jagi na pampu zimefupishwa kwenye jedwali, lakini uniti zake zimehesabiwa kwa sehemu kamili: moja ya saba, dakika kumi na dakika ishirini.

Ukitumia programu ya majedwali, weka kifaa safu ya A, idadi B, wati C, saa D, na katika E2 andika:

```
=B2*C2*D2*30/1000
```

Katika safu ya saa unaweza kuandika `=20/60` au `=1/7` moja kwa moja badala ya kukadiria desimali.

Tazama mistari miwili kabla ya kuendelea. Jagi lina wati 1,800 na king'amuzi kina wati 12, lakini mwisho wa mwezi tofauti yao haifiki hata nusu uniti. Mtu anayewinda wati kubwa peke yake hatakiona king'amuzi kamwe, na hiyo ndiyo sababu safu ya saa inahitaji ukweli kuliko safu nyingine yoyote.

Hatua ya 5: Pima wiki moja kwenye mita

Chagua saa maalumu, kwa mfano Jumapili saa mbili usiku, na uandike uniti zilizobaki. Jumapili inayofuata, saa ile ile, andika tena. Ukiingiza tokeni katikati ya wiki, ongeza uniti za tokeni hiyo kwenye namba ya kwanza kabla ya kutoa.

Nyumba yetu ilianza na uniti 61.4, na baada ya siku saba zikabaki 37.0. Zimetumika 24.4, sawa na takriban 3.49 kwa siku, au 104.6 kwa siku 30. Jedwali lilidai 145. Tofauti ni uniti 40 na ushei, na haiwezi kutokana na taa, kwa sababu taa zote kwa pamoja hazifiki hata kumi. Mstari pekee ulio mkubwa kiasi cha kuficha kosa hilo ni wa friji.

Onyo: usitumie fedha ulizolipa kama kipimo cha uniti. Malipo ya LUKU hubeba kodi na tozo, na kwa wenye majengo hukatwa pia kodi ya jengo, kwa hiyo kiasi kile kile cha fedha kinaweza kukupa uniti tofauti katika manunuzi mawili ya mwezi mmoja. Pima uniti kwa uniti.

Hatua ya 6: Sahihisha friji

Friji hufanya kazi kwa vipindi. Kompresa inanguruma mpaka ndani pafikie baridi iliyochaguliwa, kisha inanyamaza mpaka joto lipande, halafu inaanza tena. Wati 120 zinaliwa wakati wa kunguruma tu. Unachotakiwa kujua ni sehemu gani ya siku inanguruma.

Kaa karibu nayo kwa saa mbili ukiwa na kazi nyingine mkononi, na uandike kila dakika inapowaka na inapozima. Usichague muda ambao imetoka kujazwa samaki, wala muda unaofuata katizo la umeme, kwa sababu kompresa itafanya kazi mfululizo. Katika mfano wetu kompresa ilinguruma dakika 65 kati ya 120. Gawanya 65 kwa 120, zidisha kwa 24, na unapata saa 13 kwa siku.

Badilisha 24 kuwa 13, na mstari wa friji unakuwa uniti 46.80. Jumla mpya ni 105.42, dhidi ya 104.6 ya mita. Jedwali limekubaliana na mita, na sasa unaweza kuliamini unapotafuta mahali pa kupunguza. Tofauti iliyo ndani ya sehemu moja ya kumi inakubalika, kwa kuwa matumizi ya watu hayafanani wiki kwa wiki.

Njia hii haifai kwa friji zenye kompresa ya invata, ambazo hupunguza na kuongeza kasi badala ya kuzima kabisa. Kwa hizo tumia kibandiko cha matumizi ya mwaka, au pata uniti zake kwa kutoa jumla ya mistari mingine kutoka kwenye matumizi ya mita.

Hatua ya 7: Hakiki wati za kifaa kimoja kwa taa ya mita

Fanya hatua hii kwa kifaa unachokitilia shaka tu. Mita za LUKU zina taa ndogo nyekundu inayopepesa kadiri umeme unavyotumika, na karibu yake pameandikwa namba kama `1000 imp/kWh` au `1600 imp/kWh`, yaani idadi ya mipepeso kwa uniti moja.

Zima na chomoa kila kitu isipokuwa kifaa unachopima. Hesabu mipepeso kumi, ukianzisha saa kwenye mpepeso wa sifuri, na uandike sekunde zilizopita. Kwa mita ya 1,000, wati ni 36,000 kugawanya kwa sekunde hizo. Kwa mita ya 1,600, ni 22,500 kugawanya kwa sekunde hizo. Friji yetu ilichukua sekunde 300 kwa mipepeso kumi kwenye mita ya 1,000, ambazo ni wati 120 kamili.

Onyo la usalama: hesabu hii inafanywa kwa macho. Usifungue mita, usiguse waya zake, na kama mita iko juu ya nguzo usipande, muda wa wiki moja wa Hatua ya 5 unatosha. Friji ikichomolewa, isubiri dakika tano kabla ya kuichomeka tena ili kompresa isiwashwe ikiwa na mgandamizo.

Hatua ya 8: Tumia jedwali kuamua

Saa 13 ni nyingi kwa friji ya ukubwa huu, na jedwali limekuonyesha kwamba inakula karibu nusu ya umeme wa nyumba. Tafuta sababu. Bana noti kwenye mlango na uufunge: noti ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka na baridi inavuja. Angalia barafu iliyoganda kwenye kuta za sehemu ya kugandishia. Ikizidi nusu sentimita, iyeyushe kwa kuzima friji, wala usiikwangue kwa kisu, kwa maana ukitoboa bomba gesi itatoka na friji itakuwa mzigo. Vuta friji mbali kidogo na ukuta ili nyavu za nyuma zipate hewa. Na sato waliokaangwa wapoe kwanza mezani kabla ya kuingia ndani.

Katika mfano wetu, baada ya kuyeyusha barafu na kubadilisha mpira, kompresa ilinguruma dakika 45 kati ya 120, yaani saa 9 kwa siku. Mstari wa friji ulishuka hadi 32.40. King'amuzi kikaanza kuzimwa ukutani pamoja na televisheni, kutoka saa 24 hadi 5, na kikashuka hadi 1.80. Jumla ya nyumba ikawa uniti 84.18, pungufu ya uniti 21 kwa mwezi, bila mtu kukosa feni wala chai.

Ukitaka kugeuza uniti kuwa fedha, fahamu kwanza uko daraja gani la bei. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa daraja D1, yaani la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 za mwezi na shilingi 350 kwa kila inayozidi, wakati wa T1, yaani la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa kila uniti, vyote kabla ya kodi na tozo. Kwa mtu wa D1 mstari wa 75 ni muhimu kuliko jumla yenyewe, na nyumba yetu iliyoko 84 bado inahitaji kupunguza takriban uniti tisa. Jedwali linaonyesha mahali ambapo tisa hizo zinaweza kupatikana kwa mkupuo mmoja: ni jagi la umeme. Kama jiko la gesi lipo, linganisha gharama kabla ya kuamua, kwa sababu gesi nayo inanunuliwa.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatambua

*Jedwali ni kubwa mno kuliko mita.* Kagua kwanza kama kuna dakika zilizoandikwa kama saa, kisha friji, pasi na hita ya maji ya kuoga, ambavyo vyote hujizima vyenyewe. Jumla ikiwa maelfu, hukugawanya kwa 1,000.

*Mita ni kubwa kuliko jedwali.* Kuna kifaa umekisahau, au kuna mtu mwingine anayetumia mita yako. Zima na chomoa kila kitu, ukiacha swichi kuu ikiwa imewashwa, kisha tazama taa ya mita kwa dakika kumi. Taa ikiendelea kupepesa, umeme unakwenda mahali. Katika nyumba za kupanga, mara nyingi ni chumba cha jirani au taa ya uani iliyoungwa kwenye laini yako. Kama hakuna jirani, mwite fundi mwenye leseni akague uvujaji kwenye waya za ukutani. Zima sasa swichi kuu: taa ikipepesa hata hapo, toa taarifa TANESCO, kwa kuwa tatizo halimo kwenye vifaa vyako.

*Taa ya mita inawaka bila kupepesa.* Katika mita nyingi hiyo ni ishara kwamba hakuna umeme unaotumika. Washa balbu moja uone kama itaanza kupepesa.

*Jedwali lilikubaliana mwezi uliopita lakini sasa halikubaliani.* Rudia kipimo cha friji kabla ya kitu kingine chochote. Kisha angalia pampu: ikiwa ilikuwa inajaza simtanki kwa dakika 20 na sasa inachukua 40, huenda inavuta hewa au vali ya kuzuia maji kurudi imeharibika, na mstari wake umepanda kutoka uniti 7.5 hadi 15.

*Wapangaji wanachangia mita moja na hawaelewani.* Kila chumba kitengenezewe jedwali lake, jumla zote zijumlishwe, na uniti za mita zigawanywe kwa uwiano wa jumla hizo. Chumba chenye uniti 30 katika jumla ya 120 kinalipa robo ya manunuzi, hata kama mita imesoma 130. Taa ya uani na pampu ziwekwe kwenye jedwali la pamoja na zigawanywe sawa kwa sawa kabla ya kupiga uwiano.